Kilo 81 za mchele: kisa cha hesabu ya kwanza ya mali dukani

Usuli

Duka liko katika mji mdogo wa Mkoa wa Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Jina la mji, la wenye duka na la mfanyabiashara wa jumla aliyetajwa humu nimeyaacha makusudi.

Mwenye duka ni mama wa makamo ambaye kwa miaka mingi aliliendesha kwa kichwa. Alijua bei zote, alijua nani anadaiwa, na hakuwahi kuandika zaidi ya daftari la madeni. Mwezi Aprili aliumwa miguu, akamkabidhi duka mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka 23 aliyekuwa amemaliza cheti cha biashara. Kijana alimkuta msaidizi wa duka, binti wa jirani, ambaye tayari alikuwa na mwaka mzima kaunta.

Kijana alianza vizuri kuliko wengi ninaowafahamu. Kila bidhaa kubwa aliifungulia ukurasa wake kwenye leja. Kila jioni alijumlisha fedha za droo na za simu, akalinganisha na daftari la mauzo, na kwa miezi mitatu hesabu ya fedha ilikuwa ikilala sawa. Tofauti ya mia mbili au tano hapa na pale ni chenji tu. Kwa hiyo Jumapili ya mwisho ya Juni alipofunga duka ili ahesabu mali, hakuwa na wasiwasi. Alichotaka ni kumwonyesha shangazi yake karatasi safi.

Siku ya kuhesabu

Alianza saa mbili asubuhi, peke yake, leja mkononi. Anasoma kwenye leja kwamba sabuni za mche mweupe ziwe 86, anageukia shelfu, anahesabu, anapata 86. Anaweka tiki. Kufikia saa sita alikuwa amepita nusu ya duka na kila kitu kilikuwa sawasawa, hadi chumvi na viberiti.

Shangazi alipokuja kumletea chakula akatazama zile tiki na kucheka. "Mwanangu, duka halijawahi kuwa sawasawa hivi. Rudia."

Huo ndio uamuzi wa kwanza wa maana katika kisa hiki, na ulitoka kwa mtu asiyejua kitu kinaitwa ukaguzi. Mtu anayehesabu huku anajua jibu analotarajiwa kupata hulipata. Akiona katoni iliyofungwa juu anaisoma kuwa imejaa. Akifika 83 anarudia mpaka zitimie 86. Mchana walihesabu upya kwa njia nyingine. Leja ilibaki chumbani kwa shangazi. Msaidizi aliitwa aje. Kijana alihesabu kwa sauti, binti akaandika, kisha wakabadilishana nafasi na kuhesabu tena bila kuangalia karatasi ya kwanza. Katoni zote zilifunguliwa. Kilichohesabiwa kilipigwa alama ya chaki. Mifuko iliyokwisha kufunguliwa iliwekwa kwenye mizani badala ya kukadiriwa kwa macho.

Saa kumi na mbili, baridi ya Juni ikiwa imeshaingia mpaka ndani ya duka, walileta leja na kuweka namba mbili mbili kando kwa kando.

Pengo lenyewe

Bidhaa nyingi zilitofautiana kwa kimoja au viwili, na hizo nitazipita. Zilizosumbua ni nne.

Mche mweupe wa sabuni ulizidi leja kwa 14. Mche wa bluu ulipungua kwa 14.

Sukari ilitakiwa iwe kilo 237, zikaonekana 186 na nusu. Pungufu ni kilo 50 na nusu.

Mchele ndio uliotia doa siku yote. Tarehe 1 Aprili walianza na kilo 160. Katika miezi mitatu waliingiza magunia 18 ya kilo 100 kutoka mashineni Igurusi, yaani kilo 1,800. Kwa kopo la kupimia waliuza sado 390, ambazo kijana aliziandika kwa kilo 3.5 kila moja, jumla kilo 1,365, na kwa mizani waliuza kilo 183. Ukijumlisha na kutoa, stoo ilitakiwa iwe na kilo 412. Mizani ilisema 331. Kilo 81 hazikuwepo.

Kwa bei ya kununulia, mchele huo ulikuwa na thamani ya shilingi 194,400 na sukari 131,300. Jumla 325,700, na fedha ya droo haina kasoro. Hapo ndipo fumbo lilipo. Bidhaa ikiuzwa, ikaandikwa, na fedha kuibwa, hesabu ya jioni ingeonyesha. Kama hesabu ya jioni ni safi na bidhaa haipo, mtu wa kawaida hufikia jibu moja: imetoka mlangoni bila kulipiwa.

Uamuzi wa kutomkata mtu mshahara

Shangazi alikuwa na jibu hilo usiku ule ule. Binti ndiye anayebaki peke yake dukani asubuhi kijana anapofuata mzigo. Akataka mshahara wa Juni ukatwe, na uendelee kukatwa mpaka deni liishe.

Kijana alimzuia kwa swali ambalo mpaka leo naliona ni zuri kuliko lolote nililomuuliza mimi baadaye. "Shangazi, na hii miche 14 iliyozidi, aliileta nani?"

Ziada ni ushahidi ambao watu huupuuza kwa sababu haiumi. Lakini mali iliyozidi haiwezi kuelezwa kwa wizi. Inaelezwa na kalamu, na kalamu ikishathibitika kukosea mahali pamoja, huwezi kuamini namba za sukari na mchele kabla ya kuzichunguza.

Kulikuwa na sababu ya pili, ya kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa kudhani tu. Hasara lazima iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, na mwenyewe akubali kwa maandishi. Hata hayo yote yakitimia, makato hayazidi robo ya mshahara wake wa fedha. Siku ile hawakuwa na hata sharti moja kati ya hayo, wala hapakuwa na kosa lililoonyeshwa.

Wakakubaliana kusubiri wiki moja. Jumatatu shangazi alinipigia simu, kwa kuwa nimezoea kupitia hesabu za maduka ya ukanda ule.

Sabuni na sukari

Sabuni haikuchukua muda. Bei ya mche mweupe na wa bluu ilikuwa moja, kurasa zake kwenye leja zinafuatana, na kwenye daftari la mauzo mara nyingi iliandikwa "sabuni mche 2" bila rangi. Jioni, wakati wa kuhamishia kwenye leja, kijana alikuwa akizipeleka zote ukurasa wa mweupe. Kwa kuwa bei ni ileile, fedha haikuweza kumwambia kitu. Pungufu na ziada zinazolingana, za bidhaa mbili zinazofanana, karibu kila mara ni hilo.

Sukari ilihitaji kuangaliwa namba yenyewe. Kilo 50 na nusu. Ile nusu ni ya kawaida kwa duka linalofungua mifuko na kufunga robo na nusu kilo. Chembe zinabaki kwenye mfuko, nyingine zinamwagika, mizani inapendelea upande mmoja. Lakini kilo 50 ni mfuko mzima, na mfuko mzima hauvuji. Ama uliondoka ukiwa umefungwa, ama haukuwahi kuingia.

Tulichukua risiti zote za sukari za Aprili hadi Juni. Mifuko 12 kwenye risiti, mifuko 12 kwenye leja. Leja na risiti zilipatana kwa sababu leja iliandikwa kutoka kwenye risiti! Hakukuwa na karatasi hata moja iliyoandikwa mlangoni, wakati mzigo unashushwa. Nikamwomba kijana akumbuke kila safari, kuanzia ya mwisho. Ya mwisho ilikuwa Alhamisi, Juni 27: mifuko minne ililipiwa Mbeya mjini, gari la abiria likawa limejaa, kondakta akakubali mitatu tu. Mmoja ukarudishwa stoo ya muuzaji. Kijana alikuwa ameahidiwa kuletewa Jumamosi, Jumamosi ikapita na pilikapilika za mwisho wa mwezi, akausahau.

Akapiga simu. Mfuko ulikuwepo, umeandikwa kwenye daftari la mizigo iliyobaki. Ulifika Jumatano.

Wahasibu hulisema hili kwa maneno marefu, ila ni jambo dogo: kuna tarehe unayolipa na tarehe unayopokea, na siku ya kuhesabu mali inabidi ujue kila mzigo uko upande gani wa mlango. Kinyume chake pia hutokea, mteja amelipia gunia ila hajalichukua, ukalihesabu kuwa lako.

Mchele

Mchele haukuwa na umbo hilo. Kilo 81 si gunia, si nusu gunia, na haulingani na bidhaa nyingine iliyozidi. Pengo la aina hii hutokana na kitu kidogo kinachojirudia mara nyingi. Tukatafuta kitu kilichotokea mamia ya mara, na kwenye daftari kilikuwa kimoja tu: sado.

Nikamuuliza kijana alipata wapi kilo 3.5. Alisema siku ya kwanza, Aprili, alijaza sado moja, akaipima, akaandika. Mara moja, kwa mkono wake.

Sado ni kopo la lita nne hivi, na tano hufanya debe. Kwa ujazo kopo halibadiliki. Kwa uzito linabadilika sana, kwa sababu ya kinachokaa juu ya ukingo. Ukipiga mfuto, yaani ukisawazisha kwa mkono au kijiti, unapata uzito mmoja. Ukiacha mchele upande mpaka uanze kuteleza wenyewe, unapata mwingine. Ukilitikisa kopo kabla ya kujazia juu, mwingine tena.

Tulitandika turubai, tukaweka mizani pembeni. Kijana akapima sado kumi kama anavyompimia mteja. Kisha nikamwomba binti apime kumi, naye kama anavyopima siku zote. Tulimweleza wazi tunatafuta nini na kwamba hakuna anayemshtaki. Najua wapo watakaosema hapo tuliharibu jaribio, kwamba angepunguza mkono. Hakupunguza. Mkono uliozoea kazi kwa mwaka mzima haubadiliki kirahisi kwa sado kumi, na mtu aliyepimwa kwa siri akija kujua, hatakusaidia tena.

Za kijana zilikuwa wastani wa kilo 3.5. Za binti, kilo 3.8.

Binti mwenyewe alishangaa kidogo tu. "Mama ndiye alinifundisha hivi," alisema, akimtazama shangazi. "Wateja wa hapa ukisawazisha wanakuuliza kama mmegombana nyumbani." Shangazi hakubisha. Kwa miaka yote aliyoendesha duka kwa kichwa, alipanga bei ya sado akijua mkono wake unatoa nini. Aliyepanga bei upya, kwa kilo 3.5, ni kijana.

Kwa makadirio yao wote wawili, binti ndiye alipima karibu theluthi mbili ya sado zilizouzwa, kwa kuwa asubuhi ndiyo wakati wa mchele. Theluthi mbili ya 390 ni 260. Mara gramu 300, unapata kilo 78. Zilizobaki bila maelezo ni kilo tatu.

Sasa angalia upande wa faida, maana ndiko kuliko na jambo kubwa zaidi ya kilo. Mchele ulinunuliwa kwa shilingi 2,400 kilo, pamoja na usafiri, na sado iliuzwa 9,100. Sado ya kijana iligharimu 8,400, faida 700. Sado ya binti iligharimu 9,120. Kwa kila sado aliyouza asubuhi, duka lilipoteza shilingi 20 na kumshukuru mteja. Kwenye vitabu, mchele wa miezi mitatu ulionekana umeleta faida ya 309,600. Ukitoa zile kilo 81, ilibaki 115,200.

Walichobadilisha, na kilichotokea

Njia tatu zilijadiliwa. Kupandisha bei ya sado na kuacha mkono wa binti ulivyo. Kumfundisha binti kupiga mfuto. Au kuweka mizani kaunta na kuuza kila kitu kwa kilo. Shangazi alipendelea ya kwanza, kwa sababu ndiyo aliyoiishi. Kijana aliikataa kwa hoja kwamba leja haiwezi kufuatilia mkono wa mtu. Leo ni 3.8, kesho akija msaidizi mwingine ni 3.6. Ya pili ingewaletea maneno na wateja bila kuondoa tatizo.

Walichukua ya tatu kwa namna iliyolegezwa. Mteja anaendelea kuomba sado, na kopo bado lipo, lakini linamiminwa kwenye mizani mbele yake hadi kilo 3.5, kwa bei ileile. Wakala wa Vipimo umekuwa ukihimiza mizani badala ya makopo kwa muda mrefu, kwa hiyo hapakuwa na jipya la kubuni.

Sabuni zilipewa majina mawili tofauti kwenye daftari. Kwa mizigo, waliweka kijitabu mlangoni: anayeshusha anaandika kilichoshuka na kusaini, na leja inajazwa kutoka kwenye kijitabu hicho. Risiti zinabaki kwa ajili ya kulinganisha.

Julai 31 walihesabu tena, bila leja mkononi. Mchele: walianza na kilo 331, wakaingiza 600, wakauza 470. Ilitakiwa zibaki 461, zilikuwepo 457. Kilo nne.

Mauzo yalishuka. Kwa miezi mitatu iliyotangulia, daftari lilionyesha wastani wa kilo 516 kwa mwezi, kwa hiyo karibu sehemu moja ya kumi ilikwenda, na baadhi ya akina mama walisema wazi kwamba wanakwenda duka la ng'ambo ambako sado bado ina kichwa. Faida ya mchele hata hivyo ilikuwa 84,400 kwa mwezi huo, ikilinganishwa na wastani wa 38,400.

Uchambuzi

Lililowaokoa ni kulitazama umbo la pengo kabla ya kumtazama mtu. Pengo lenye ukubwa wa kifungashio kizima linakupeleka kwenye risiti na upokeaji. Mapengo mawili yanayofutana yanakupeleka kwenye uandishi. Pengo lisilo na umbo, la bidhaa inayopimwa, linakupeleka kwenye kipimo. Wizi unaweza kujificha ndani ya lolote kati ya hayo, na hasa la mwisho, ndiyo maana kueleza kilo 78 kati ya 81 kuna thamani: panabaki nafasi ndogo sana ya kujificha.

Hesabu ya asubuhi, ile ya tiki, ndiyo iliyokuwa hatari kuliko pengo lenyewe. Kama shangazi asingeicheka, sabuni zingeendelea kuandikwa "sawa", swali la miche 14 lisingeulizwa, na binti angekatwa mshahara kwa ajili ya mchele aliofundishwa kuutoa.

Mfuko wa sukari ulipatikana kwa sababu ulikuwa na siku chache tu. Kijana aliikumbuka safari, na muuzaji alikuwa mwaminifu na ana daftari. Wangehesabu mali Desemba, safari ya Juni isingekumbukwa na yeyote, na hasara ingeandikwa kwa jina la binti. Kwa duka la ukubwa huu napendekeza mchele, sukari na mafuta yahesabiwe kila mwisho wa mwezi, na bidhaa ndogo za shelfu kila robo mwaka. Kuhesabu vyote kila mwezi watachoka na kurudia tiki.

Mahali ninapotia shaka ni pale kilo 78 zilipokaa vizuri mno. Theluthi mbili ni kumbukumbu ya watu wawili, haikuandikwa popote. Ingekuwa nusu, tungeeleza kilo 58 tu na kubaki na pengo la 23. Kinachonifanya niikubali ni hesabu ya Julai: tulibadilisha kitu kimoja kwenye mchele na pengo likashuka kutoka kilo 27 kwa mwezi hadi nne, watu wakiwa walewale. Bila hiyo Julai, ningeandika kwamba sababu inawezekana, si kwamba imethibitika.

Na kuna namba moja ambayo hakuna anayeweza tena kuikagua. Zile kilo 160 za tarehe 1 Aprili hazikupimwa. Shangazi alitazama magunia akasema, "Hapo kuna kama mia na sitini," na kijana akaandika. Kosa la kilo kumi pale lingeingia moja kwa moja kwenye pengo la Juni na sisi tungelitafuta kwenye sado. Kilo 331 za Juni 30 zilipimwa na watu wawili, mara mbili, na leja mpya ya mchele inaanzia hapo.